Shajara ya mradi: hadithi ya Mwanaidi na pesa za mgao

Aprili 6

Nimeanza hadithi fupi mpya na nitaandika hapa inavyokwenda mpaka ikamilike. Mwanaidi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anachapa kazi za watu kwenye steshenari moja Ngamiani, Tanga, na jioni anauza sambusa nje ya nyumba yao. Desemba wanavunja kikoba na kila mwanachama anachukua mgao wake. Januari mgao wa Mwanaidi unaingia kwenye programu ya uwekezaji ya simu. Februari programu haifunguki tena. Nusu ya pili ya hadithi ni vibarua vidogo vya kompyuta anavyojishikiza navyo.

Nimechagua pesa za mgao kwa makusudi. Msomaji anayejua vikoba anajua shilingi ile imepita wapi. Hisa moja kwao ni 5,000, na mtu haruhusiwi kununua zaidi ya hisa tano kwa wiki. Mwanaidi hajakosa tano zake hata wiki moja, kwa hiyo wiki 48 zimempa 1,200,000, na faida ya mikopo ikamwongezea 60,000. Kila wiki pesa imehesabiwa mbele ya wote, imeandikwa daftarini, kisha ikafungiwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu ambalo funguo zake wanashika akina mama watatu tofauti. Nataka ukurasa wa kwanza ukae hapo kwenye sanduku, bila haraka, ili mtu aone kwamba huyu si mwanamke asiyejua kutunza pesa.

Aprili 9

Leo nimefanya hesabu ya programu yenyewe, maana siwezi kuandika anguko lake bila kujua linakuja lini.

Kifurushi cha chini ni 90,000, nacho kinalipa 3,000 kila siku kwa siku 60. Anayemleta mwenzake anapata asilimia 10 ya kile mwenzake alichoweka. Hakuna biashara yoyote nyuma yake. Kwenye kioo zinapita picha za mitambo na grafu zinazopanda, lakini pesa inayoingia ni ya wanachama tu. Sasa chukua watu 100 wa kwanza. Wameweka 9,000,000. Kamisheni za walioalika zimekula 900,000, zimebaki 8,100,000. Kila siku watu hao 100 wanadai 300,000. Gawanya, unapata siku 27. Hapo mwenye programu hajachukua hata senti yake mwenyewe, na bado ana deni la siku 33 kwa kila mmoja.

Kwa hiyo kabla ya siku ya 27 lazima waingie watu wapya, na hao wapya nao wanadai 3,000 zao kuanzia kesho yake. Ndiyo sababu programu hizi zinahimiza kualika kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo sababu zinawapa watu sababu za kutotoa: ukiacha salio likue unapanda daraja, ukipanda daraja unalipwa zaidi. Kila shilingi ambayo mwanachama ameiacha ndani ni siku moja zaidi ya uhai kwa mwenye programu.

Nimeweka pembeni kipimo kingine ambacho huenda kikaingia kwenye hadithi kupitia mdomo wa mtu. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza hati fungani ya serikali ya miaka 25 yenye riba ya 15.95% kwa mwaka. Programu hii inaahidi zaidi ya hiyo kwa siku tano.

Aprili 13

Nimezungumza na wakala mmoja wa pesa za simu ambaye alihudumia watu wengi wa programu ya namna hii mtaani kwake. Nilimuuliza aliona nini kwenye kaunta. Akaniambia kitu ambacho sasa ni kiini cha nusu ya kwanza.

Wateja walikuwa wanakuja na namba ya kuwekea pesa iliyotolewa na programu. Leo namba imesajiliwa kwa jina la mwanamume mmoja, kesho kutwa kwa jina la mwanamke mwingine, wiki ijayo kwa jina la duka. Pesa ikirudi, ujumbe wa simu nao unaonyesha jina la mtu binafsi, na kila mara jina tofauti. "Kampuni ikikulipa mshahara utaona jina la kampuni," aliniambia. "Hawa walikuwa wanalipwa na watu." Wateja wenyewe walikuwa wanasoma kiasi tu. Pesa imeingia, jina la nini?

Baada ya mazungumzo hayo nimeandika tena tukio la kwanza la kutoa pesa. Mwanaidi ameweka 90,000 aliyokuwa nayo pembeni, si mgao. Anasubiri. Siku ya tano anabonyeza kutoa 15,000. Simu inalia kabla hajaiweka chini. Anafungua ujumbe, anasoma 15,000, anasoma salio jipya, anampelekea wifi yake aliyemwingiza picha ya ujumbe ule. Jina la mtumaji liko katikati ya mstari wa kwanza. Msomaji analiona. Sitaandika neno lolote juu yake. Ukurasa unaofuata anatoa tena, jina limebadilika, basi.

Hapa ndipo nimefikia msimamo wangu juu ya hadithi nzima. Mwanaidi alifanya jambo la busara: alijaribu kwa pesa kidogo, akatoa, akahakikisha imefika, ndipo akaongeza. Mtu yeyote makini angefanya hivyo. Shida ni kwamba programu imetengenezwa ili ifaulu jaribio hilohilo. Kulipa 15,000 haraka ndiyo gharama yake ya kumpata mtu mwenye 1,260,000. Sitaki msomaji amalize hadithi akisema "tamaa mbaya". Neno hilo limewafunga midomo watu wengi walioibiwa, wakashindwa hata kwenda polisi.

Aprili 14

Mama yake Mwanaidi sasa yumo. Anakumbuka DECI, mchezo wa upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009 na viongozi wake kutiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Watu wa wakati ule walisema "kupanda mbegu" na "kuvuna".

"Mwanangu, hii si ile ya kupanda mbegu?"

"Ile ilikuwa ya makaratasi, mama. Hii natoa nikitaka."

Mama hana jibu, kwa sababu Mwanaidi amesema kweli. Anatoa akitaka.

Aprili 20

Anguko. Nimeliweka wiki moja kabla ya Ramadhani. Tanga nzima inatafuta pesa wakati huo: tambi, tende, unga, nguo za watoto za Idi. Wanachama wote wanataka kutoa kwa pamoja, na mwenye programu anajua kalenda kama wanavyoijua wao. Kwa hiyo anafunga mapema.

Mpangilio wa kufunga nimeukusanya kutoka kwa watu kadhaa, na unafanana kiasi cha kutisha. Kwanza ombi la kutoa pesa linakaa "linashughulikiwa" kwa siku mbili tatu, na viongozi wa kundi la WhatsApp wanasema mfumo unaboreshwa. Siku hizohizo inatangazwa ofa, ukiweka leo unapata mara mbili, na ofa hiyo ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote, maana anayeshindwa kulipa anaomba kuongezewa. Kisha kundi linafungwa, viongozi peke yao ndio wanaoweza kuandika. Kisha unakuja ujumbe kwamba kila mwanachama athibitishe akaunti kwa kulipa asilimia 10 ya salio lake ndipo aruhusiwe kutoa. Baada ya hapo kundi linafutika na programu inagoma kufunguka.

Hatua ya uthibitisho nimempa wifi. Yeye ana salio la 800,000 kwenye kioo, analipa 80,000, wote wawili wanakaa na simu mezani mpaka usiku. Haiji kitu. Mwanaidi halipi yake. Nilitaka tukio moja tu la malipo hayo, na linauma zaidi likiwa la wifi, kwa sababu usiku ule Mwanaidi anajua bado hawezi kumlaumu. Mwanaidi naye aliwaingiza wanawake wawili wa kikoba, mmoja kwa 90,000, mwingine kwa 450,000, na kamisheni yake ya 54,000 aliitoa na kuitumia.

Hesabu kamili imo kwenye hadithi, aliiandika nyuma ya daftari la kikoba. Aliweka 1,350,000. Alitoa 15,000 za majaribio, baadaye 126,000, na ile 54,000. Amepoteza 1,155,000. Salio lililokuwa likionekana kwenye programu hakuliandika, na hilo nimeliona ni jambo muhimu kwa tabia yake: anahesabu pesa iliyotoka mkononi mwake, si ile aliyoahidiwa.

Aprili 24

Sura ya polisi ni fupi. Mwanaidi anakwenda na ujumbe wote wa simu, anaandikisha, anapewa namba ya taarifa. Namba za simu za wale waliokuwa wanapokea pesa anazituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Mtandao wa simu unaweza kuzuia pesa kama bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea, na hapa ilishatolewa wiki nyingi nyuma. Sijatia mtu mbaya kwenye sura hii. Askari anaandika, anamsikiliza, anamwambia ukweli.

Siku chache baadaye anapigiwa na mtu anayejiita wakili wa kurejesha pesa zilizopotea mtandaoni. Anajua kiasi alichopoteza. Anaomba 60,000 za kufungua jalada. Orodha za walioibiwa huwa zinatumika tena, ndiyo maana anajua kiasi. Mwanaidi anauliza swali moja: "Kwa nini usikate humo humo kwenye pesa utakayonirudishia?" Simu inakatwa.

Mei 2

Nimeingia nusu ya pili, na hapa nimekaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu kazi yenyewe inastahili kuonekana.

Kibarua nilichomchagulia ni kunukuu mahojiano. Watafiti wanaokwenda vijijini wanarudi na sauti za watu kwenye simu au vinasa sauti, na sauti hizo lazima ziwe maandishi kabla ya kuchambuliwa. Mwanaidi anachapa haraka, hilo tu ndilo analolijua mwanzoni. Kazi ya kwanza inaletwa pale pale steshenari na mwanafunzi wa uzamili: mahojiano ya dakika 45, kwa 500 kila dakika ya sauti. 22,500.

Dada mmoja anayeishi kwa kazi hii alinikalisha pembeni yake asubuhi nzima nione. Anatumia oTranscribe, ambayo haina malipo na inafunguka kwenye kivinjari. Sauti na maandishi viko dirisha moja: `Esc` inasimamisha na kuendeleza, `F1` inarudisha nyuma kidogo, `Ctrl+J` inaweka muda. Vidole havitoki kwenye kibodi. Masikioni ana vipokea sauti vya kawaida kabisa. Anasikiliza maneno matano sita, anasimamisha, anaandika, anarudisha nyuma kwa sababu jogoo amewika juu ya neno moja, anaandika tena. Mtafiti ametaka neno kwa neno, kwa hiyo "yaani" zote zinabaki, "eeh" zinabaki, kicheko kinaandikwa kwenye mabano, kimya kirefu nacho kinaandikwa. Pale asiposikia anaweka alama ya kutosikika na muda wake. Habuni. "Ukibuni neno moja," aliniambia, "umemwekea mama wa watu maneno mdomoni, na yule mtafiti atayachapisha."

Saa moja ya sauti safi inamchukua mzoefu kama yeye saa nne za kuandika. Mtu mpya inamchukua zaidi. Kwa hiyo dakika 45 za Mwanaidi nimezipa saa tano za kuandika na saa moja ya kusikiliza tena mwanzo hadi mwisho. Saa sita kwa 22,500 ni 3,750 kwa saa, kabla ya kutoa bando.

Kazi ya pili ni ya majadiliano ya kundi, dakika 80, bei ileile, 40,000. Anafurahi. Lakini kwenye kundi watu wanane wanazungumza, wanakatizana, mwingine amekaa mbali na kinasa, mvua inapiga bati, na kila sauti lazima ijulikane ni ya nani. Inamchukua saa 13. Mwanaidi anaandika daftarini: 40,000 gawanya kwa 13, ni kama 3,080 kwa saa. Kazi kubwa imemlipa kidogo kuliko ndogo. Kuanzia hapo bei yake ya kundi ni 800 kwa dakika, ambayo kwa kazi ileile ingempa 64,000, yaani kama 4,920 kwa saa, na mwanafunzi wa kwanza anayeambiwa bei hiyo anaondoka.

Tukio hilo la kuandika daftarini ndilo lililoniweka kwenye kiti siku nzima. Ni nyuma ya daftari lilelile lenye 1,155,000.

Mei 5

Mteja asiyelipa amepata nafasi yake. Anachukua kazi iliyokamilika kwa barua pepe, kisha hapokei simu. Kinachobadilika kwa Mwanaidi ni utaratibu: nusu ya malipo kabla ya kuanza, dakika kumi za mwanzo zinatumwa kama sampuli, faili lote baada ya nusu ya pili kuingia.

Kuna pia tangazo la kazi ya kuchapa nyumbani, kurasa chache kwa siku, mshahara mnono, "lipia 15,000 ya usajili". Nimemwandikia wifi akilituma tangazo hilo kwa nia njema, na Mwanaidi anamjibu kwa upole: "Wifi yangu, tangu nianze kazi hizi pesa inatoka kwao kuja kwangu. Haijawahi kutoka kwangu kwenda kwao." Sentensi hiyo inatosha, sitaongeza kitu.

Mei 11

Kwa siku kadhaa nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtafiti amtafute Mwanaidi na si mtu mwingine yeyote mwenye kompyuta. Kuchapa haraka si sababu, wachapaji Tanga wapo wengi. Jibu lilikuwa kwao Mwanaidi: mama yake ni Mdigo wa Mkinga.

Mtafiti anarekodi wazee wa pwani ya kaskazini, karibu na mpaka. Wanaanza kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni, na mazungumzo yakinoga wanahamia Kidigo. Wanukuzi wa Dar wanaandika "lugha nyingine" na muda, dakika tatu, dakika saba, kisha wanaendelea. Mwanaidi anayaandika yale maneno kwa Kidigo, na chini yake tafsiri ya Kiswahili. Pale asipolielewa neno anampigia mama. Kwa hiyo mama aliyeuliza juu ya mbegu sasa yuko ndani ya kazi, na nimehakikisha analipwa: Mwanaidi anamtengea 5,000 kila faili.

Kuna jambo la miiko hapa ambalo dada wa kunukuu alinisisitizia, na limebadilisha tukio moja. Sauti hizi ni siri za watu. Mnukuzi anatia saini kwamba hatazisambaza na kwamba atazifuta kazi ikiisha. Mwanaidi alikuwa anamchezea mama sauti yenyewe. Sasa anamsomea neno peke yake, bila kumwambia limesemwa na nani wala kijiji gani. Tukio limekuwa bora: mama anasikia neno moja la Kidigo kwenye simu, anacheka, anauliza "nani kalisema hilo?", na bintiye hajibu.

Mei 17

Marejesho. Katika pesa ya vibarua, kabla ya kununua hata hisa moja, Mwanaidi anawarudishia wale wanawake wawili kamisheni aliyopata kwa ajili yao: 9,000 kwa mmoja, 45,000 kwa mwingine. Hawajaomba. Kilichobaki cha pesa zao hawezi kukilipa na hajaahidi kukilipa. Mmoja anapokea na kumkaribisha chai. Mwingine anapokea, anahesabu, anafunga mlango. Nimeandika yote mawili kwa urefu sawa kisha nikafupisha ule wa chai, maana wa mlango ndio unaobaki na msomaji.

Mei 23

Rasimu imekamilika. Mwisho ni Desemba, siku ya kuvunja kikoba tena. Tangu Mei amekuwa akinunua hisa mbili kwa wiki badala ya tano, wiki 30, kwa hiyo hisa zake ni 300,000, na kafaida kidogo juu yake. Jina lake linasomwa, anahesabiwa mbele ya wenzake, anatia saini. Nimekataa kumpa kazi kubwa ya ghafla itakayorudisha 1,155,000 zote kabla ya ukurasa wa mwisho. Kwa 4,000 kwa saa na kazi zinazokuja kwa msimu wa watafiti, haiwezekani, na watu waliopitia jambo hili wangejua mara moja kwamba nimewadanganya. Mgao wake mwaka huu ni chini ya robo ya wa mwaka jana, na hadithi inaishia kwenye saini.

Imebaki kazi moja. Maneno ya Kidigo kwenye sura ya nne nimeyaacha wazi na alama ya kutosikika, kama mnukuzi anavyofanya. Jumamosi nakwenda Mkinga kukaa na mzee mmoja anisomee, na sitayaandika mpaka ayatamke yeye.